Sweta la Kalisi

Benedicta alifungua kabati la vyombo vya misa katika sakristia Jumatano asubuhi huku akiimba. Alipoifunua kalisi kubwa, kikombe cha divai ya misa, wimbo ukakatika. Kalisi ya sikukuu, ambayo siku ya Pasaka ilimeta hadi watoto wakasahau kusali, ilikuwa nyeusi tii kama kitako cha sufuria.

Akaifunika upesi, kana kwamba amemkuta mtu akioga. Kisha akaifunua tena. Ilikuwa nyeusi vilevile.

Jumapili Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara. Watoto themanini na watatu walikuwa wameshakariri majibu yao, ng'ombe wa karamu alikuwa ameshafungwa kamba, na kalisi ilikuwa imegeuka mkaa.

Ni lazima niseme Benedicta alikuwa nani pale misheni, la sivyo hutajua kwa nini aliogopa hivyo. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume waligawana mashamba, ng'ombe, hata jembe, wakamwachia mjane pole. Padri mzee wa wakati ule, Mungu amrehemu, akamkabidhi ufunguo wa sakristia. Tangu hapo miaka tisa ilikuwa imepita. Katika nchi yote ile ya Uhehe iliyozunguka misheni hakuna aliyemwita mjane wa fulani. Walimwita Mama Sakristia. Ufunguo ule aliuvaa shingoni pamoja na rozari, na usiku aliulalia.

Kabla hajajua la kufanya, mlango ulifunguliwa. Aliingia Mwalimu Ambrosi Kalinga, katekista, mtu mwema mwenye sauti kubwa na kipara kikubwa zaidi. Kosa lake lilikuwa moja tu: alipenda kuwa wa kwanza kujua.

"Kamwene, Mama," alisema, halafu akaona. "Yesu wangu! Hii nini?"

"Kalisi, Mwalimu."

"Kalisi gani? Kalisi yetu ni ya fedha. Fedha haishiki kutu!" Akainama, akaisogelea bila kuigusa, maana vyombo vilivyowekwa wakfu haviguswi kwa mkono mtupu, naye alilijua hilo vizuri. "Hii si yetu. Hii ni bati. Mama, wakati wa Kwaresima nani aliipeleka Mbeya kutengenezwa mguu?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mwalimu Ambrosi aligeuka palepale. Alitoka akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mapadri.

Padri Danieli alikuwa kijana, amefika mwezi Mei, hajawahi kuiona kalisi ile ikiwa safi. Aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, akiuma mdomo. Hakupenda kumshuku mama wa umri ule, hilo lilionekana. Lakini Mwalimu alikuwa hapo pembeni, akisema kwa huzuni ya kweli kabisa: "Kikulacho ki nguoni mwako, Padri. Sonara amebaki na fedha, sisi tumerudishiwa kopo lililopakwa fedha juu. Kama Mama alijua au hakujua, mimi sihukumu."

"Nipe ufunguo, Mama," alisema Padri Danieli. "Kwa muda tu, mpaka tujue ukweli."

Benedicta alivua kamba shingoni. Ilinasa kwenye rozari, ikabidi aitegue mbele ya macho yao, na haya ya kutazamwa ikamuuma kuliko shutuma yenyewe. Alikwenda kukaa kwenye ngazi za kanisa, jua likimpiga na baridi ya Julai ikimpiga, akajaribu kukumbuka Mbeya.

Alikuwa amesafiri siku nzima kwenye basi, kalisi mapajani, vumbi hadi kwenye kope. Sonara, mzee Mhindi aliyeitwa Ratilali, alikuwa na kibanda karibu na soko. Benedicta alimwambia wazi kwamba hataiacha kalisi hata dakika moja. Basi mzee akamwekea kigoda, akafanya kazi mbele ya macho yake kutwa, na kwa kuwa alikuwa mpweke, akaongea kutwa.

"Mama, kila madini ina ugonjwa wake," alikuwa amesema, akimwonyesha vyombo vya wateja rafuni. "Fedha ikiugua inakuwa nyeusi. Shaba ya manjano na shaba nyekundu zinakuwa kijani, zikikaa na mafuta, chumvi, kitu cha uchachu. Mahali pa popo au mbuzi, pana mkojo, shaba inatoka buluu. Watu wanadanganya. Uchafu hapana danganya."

Na mwisho, akimfungia kalisi kwa kitambaa cha pamba, alikuwa ameongeza jambo moja. Benedicta alipolikumbuka, aliinuka ghafla hadi akajikanyaga kanga.

"Kitambaa cha pamba tu, Mama. Sufu hapana! Sufu ina salfa ndani yake, ileile inanuka kwenye yai viza. Inakula fedha."

Aliitikia ndiyo. Akarudi Iringa, na baada ya Pasaka baridi ikaanza kuingia sakristia hadi maji ya baraka yakawa ya kuumiza vidole. Pamba kwa baridi hii? Masista walikuwa wamemfundisha kufuma, sufu ya kondoo ilikuwapo. Basi akaifumia kalisi sweta. Sweta zuri, la kijivu, lenye kamba ya kufungia shingoni. Miezi mitatu kalisi ilikuwa imekaa ndani ya sweta lile, kwenye unyevu wa kabati, ikiliwa polepole kwa upendo.

Kwa hiyo alikuwa hana hatia, na alikuwa na hatia. Ili aokoe jina lake ilibidi akiri upumbavu wake mbele ya Mwalimu Ambrosi. Alilifikiria hilo kidogo, akaona afadhali aitwe mpumbavu kuliko mwizi, akaenda.

Aliomba vitu vitatu viletwe mezani kwenye ukumbi wa misheni: kalisi, kinara kimoja cha mishumaa, na ndoo ndogo ya shaba nyekundu ya maji ya baraka, ambayo tangu mwaka jana ilikuwa stoo chini ya dari lenye popo. Akaomba pia malimau, chumvi, magadi, maji ya moto na sufuria kubwa ya alumini kutoka jikoni.

"Unataka kupika?" aliuliza Mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu. Leo napika kalisi."

Padri Danieli alijizuia kucheka. Hapo Benedicta akapata moyo.

"Padri, angalia kinara. Ni shaba ya manjano. Pale mafuta ya mshumaa yalipokaa, pana kijani. Angalia ndoo. Hii buluu ni ya mkojo wa popo. Sasa angalia kalisi. Nyeusi. Shaba ikiugua inageuka kijani au buluu. Nyeusi namna hii ni ugonjwa wa fedha."

"Na kama ni shaba iliyopakwa fedha juu?" Mwalimu alidakia, na hakuwa mjinga. "Juu itakuwa nyeusi vilevile."

"Kweli. Ndiyo maana tunaangalia inaposuguliwa. Padri, igeuze."

Padri aliigeuza kwa kitambaa. Ukingo wa mguu, uliokuwa umesuguana na jiwe la altare kwa miaka arobaini, ulikuwa umelika hadi ukawa laini. Kama ni rangi ya juu tu, pale ingekuwa imekwisha, na manjano ya shaba yangechungulia. Pale palikuwa peusi kama pengine.

Benedicta alianza kupumua. Ndipo Mwalimu akapeleka kidole karibu, bila kugusa.

"Na hii?"

Ndani ya mguu, katikati kabisa, palikuwa na doa. Doa la kijani, kijani kibichi.

Padri Danieli aliitazama ile kijani, akamtazama Benedicta, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko uliokuwa na ufunguo. Benedicta aliona mkono ule. Shaba! Je, mzee Ratilali alimchezea pale aliposinzia kidogo baada ya chakula?

Alifumba macho, akakirudia kibanda kile: nyundo, koleo, kalisi ikiwa imelala vipande vipande juu ya kitambaa. Kikombe, kifundo cha katikati, mguu. Na kitu cha manjano ambacho mzee alikishika kwa vidole viwili.

"Nati!" alipaza sauti. "Padri, ni nati! Kalisi imeshikwa na nati ya shaba, tangu ilipotoka Ulaya. Sonara alinionyesha. Ifungue!"

Padri aliizungusha kwa kitambaa. Iligoma, kisha ikalegea. Kalisi ikagawanyika vipande vitatu mikononi mwake, na katikati ya kiganja ikabaki nati ndogo, ya kijani kwenye mifereji yake, ya manjano ilipokwaruzwa. Chini yake, fedha ilikuwa nyeusi tu. Hakuna kijani. Hata chembe.

Mwalimu Ambrosi alikohoa.

Yaliyobaki yalikuwa ya furaha. Padri mwenyewe alilaza vipande vya kalisi ndani ya sufuria, Benedicta akihimiza viguse alumini, la sivyo weusi hautoki. Kisha Benedicta akamwaga magadi na maji yanayotokota. Povu likapanda, na mara harufu ya yai viza ikajaa ukumbini.

"Salfa hiyo inatoka," alisema Benedicta. Sauti ilimshuka. "Iliingia kutoka kwenye sufu. Niliifumia sweta, Padri. Sonara alinikataza. Niliona itasikia baridi."

Padri Danieli aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena macho yalikuwa na machozi, na hayakuwa ya huzuni.

Maji yalibadilishwa mara mbili, sufuria ikawa nyeusi, na fedha ikarudi nyeupe. Dhahabu ya ndani ya kikombe haikuguswa na chochote, iling'aa kama siku ilipopakwa. Mwalimu, aliyetaka sana kuwa na kazi, alikuja na mchanga wa kusugulia. Benedicta alimwekea mkono njiani.

"Mchanga utaila fedha na dhahabu. Na limau na chumvi usivilete hapa, ni vya shaba. Chukua kinara, nati na ndoo. Nta itoe kwanza kwa maji ya moto, ndoo ioshe kwa sabuni. Halafu limau na chumvi, usisugue sana. Halafu suuza, suuza tena, ukaushe kabisa. Limau likibaki, kesho kijani imerudi."

Mwalimu Ambrosi Kalinga, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amefundisha watu tu, aliketi chini na limau, akafanya alivyoambiwa. Kijani iliyeyuka, buluu ikayeyuka. Baada ya muda alisema bila kuinua kichwa: "Mama, nilikukosea."

"Ulipenda kalisi," alijibu Benedicta. "Na mimi niliipenda. Tazama tulivyokaribia kuimaliza."

Padri alitoa ufunguo mfukoni. Hakumpa mkononi, alimvisha shingoni, mbele ya Mwalimu na wapishi waliokuja kuulizia sufuria yao. Benedicta alilia wazi, bila kujificha, kwa sababu ya kujificha ilikuwa imekwisha.

Jumapili Askofu aliinua kalisi, na watoto themanini na watatu wakasahau kusali. Benedicta aliiosha, akaikausha, akaifunga kwa pamba, akageuza ufunguo. Sweta la kijivu lilibaki mkononi mwake. Nje, Mwalimu Ambrosi alikuwa amesimama kwenye upepo, kipara kikiwa chekundu kwa baridi.

Benedicta alilikata sweta kamba, akakunja ukingo, akampelekea.

Lilimkaa kichwani sawasawa. Alilivaa kila asubuhi kwa miaka mingi, na waliomuuliza mbona kofia yake ina umbo la kalisi aliwajibu kwamba alipewa na mtu mwaminifu kuliko wote misheni.