Kizibao Juu ya Chetezo

Mdomo wa Bi Thuwaiba ulikuwa na kasi kuliko cherehani yake, na cherehani yake Amu nzima waliijua. Juma lililopita, mbele ya Bi Nana aliyekuwa akimwoza mwanawe Nabhan, alimcheka mshoni mwenzake, Alawiya wa Mbwajumali.

Alawiya alikuwa ameshika kitambaa cha kizibao cha kuvaa juu ya kanzu ya bwana arusi, hariri ya mistari, akasema, "Hiki chepesi, chafumuka upesi. Mi ningekitia mifuko ya kubandika juu, bila kukipasua."

"Ya kubandika, kama shati la skuli!" Thuwaiba akapiga kofi. "Yuwaowa huyu, au yuwaenda darasa la pili? Kizibao cha harusi ni mfuko wa kukata, Bi Nana. Mdomo mwembamba, umelala kimya."

Wanawake wakacheka. Kazi akapewa Thuwaiba.

Kanzu haikumsumbua. Mifuko yake ni ile ya ndani ya mshono wa ubavu. Akaikata kwa kitambaa kilekile cheupe isionekane kwa nje, akapitisha mshono mwembamba ukingoni mwa mdomo ili mfuko usichungulie, akaulaza kwa mbele, pasi juu. Ukipapasa hujui kama kuna mfuko.

Kwenye kizibao ndipo alipojiamini mno. Mfuko wa kukata lazima nyuma yake ubandikwe kitambaa kigumu cha gundi, ndipo upasue. Akaona uvivu wa kwenda kukinunua. Alishona mishono yake miwili sambamba, akapasua katikati, akafika pembeni penye kukatwa mfano wa mkia wa samaki. Hapo mkasi husimama kwenye tundu la mwisho la sindano. Ukikoma kabla, pembe hukunjamana. Wa Thuwaiba ulipita. Nyuzi tatu tu, lakini hariri haina huruma, ikafumuka. Akaiziba kwa utepe wa gundi, akapiga pasi. Ikalala vizuri, na yeye akalala vizuri.

Yeo, siku ya harusi, kizibao kilitandazwa juu ya tenga, chini yake chetezo cha udi. Alawiya ndiye aliyekuwa akitazama makaa. Bi Nana alipokwenda kukinyanyua, moshi ukatoka mfukoni mwa kizibao, uzi mwembamba, penye pembe. Joto lilikuwa limelegeza gundi. Pembe ilikuwa imeachama kama mtoto aliyesinzia chuoni.

"Ni nini hiki?"

"Cheche," Thuwaiba akasema. Lilimtoka kabla hajalifikiri. "Makaa yamezidi. Ajuwaye ni mwenye kutazama makaa."

Macho yote yakamgeukia Alawiya.

"Alawiya! Nguo ya mwanangu!" Bi Nana sauti ikamkatika. "Alasiri yuwatoka na hii!"

Alawiya alikichukua kizibao, akakigeuza. Kidole chake kikapita pembeni, kikagusa gundi ambayo bado ilinata. Hapakuwa na weusi wa moto, palikuwa na mkato wa mkasi. Mshoni hahitaji kuambiwa. Akainua macho, akamtazama Thuwaiba, kisha akayainamisha.

"Niwieni radhi, Bi Nana," akasema taratibu. "Makaa yalikuwa mangi."

Lau Alawiya angalimtukana, Thuwaiba angalijua la kumjibu. Masikio yalimwaka. Akatazama mkeka. Akatafuta mzaha, maana hakukosa mzaha maisha yake yote, asiupate.

"Si makaa," akasema.

"Wasemaje?"

"Si makaa, Bi Nana. Ni mkasi wangu. Ulipita, nikaziba kwa gundi. Alawiya hana kosa. Mi nimemsingizia."

Msichana mmoja alikohoa kwa udi, hata kikohozi kile kilimchoma Thuwaiba.

"Wanisitiri au wanivua nguo?" Bi Nana akauliza.

Thuwaiba alivuta mfuko wa plastiki wenye vipande vilivyobaki, maana mwenye nguo hurudishiwa vyote. Akafunga lile tundu kwa mkono. Kisha akakata mifuko miwili ya kubandika, mikubwa ya kufunika midomo ya zamani, mistari ikutane na mistari.

"Lete hapa," Alawiya akasema, pasi mkononi. Akakunja kingo juu ya kipande cha boksi, akapunguza manofu ya kitambaa pembeni yasivimbe. "Usiuvute mfuko ukishona. Uwache upumue kidogo, la sivyo utakunja kifua kizima."

"Naijua," Thuwaiba akasema, kisha akaona haya tena. "Naijua, dada. Ahsante."

Alasiri Nabhan alitoka, na mifuko ililala kama imezaliwa pale. Vigelegele vikapigwa. Bi Nana akamsogelea Thuwaiba.

"Bwana arusi wa darasa la pili," akasema, uso mkavu.

Wanawake wakacheka. Thuwaiba alivuta buibui lake usoni, akaenda kumsaidia Alawiya kumwaga majivu.